Fungu la 16: Kukokotoa Subneti kwa Pasti Pepa

Ukifungua pasti pepa ya mitandao ya kompyuta, iwe ya stashahada au ya shahada, swali la namna hii halikosi: kompyuta imepewa anwani 172.16.77.200/20, taja anwani ya mtandao wake, anwani ya matangazo, anwani ya kwanza na ya mwisho zinazoweza kupewa vifaa, na idadi ya vifaa vinavyoweza kuingia humo. Mwaka unaofuata namba hubadilishwa, swali likarudi vilevile. Ajabu ni kwamba wengi wanaolikosa wanaijua mada. Wamefundishwa njia ndefu: geuza kila namba iwe sifuri na moja, panga safu mbili, linganisha biti kwa biti, kisha rudisha yote kwenye namba za kawaida. Njia hiyo ni sahihi, na kila mwanafunzi aifanye mara kadhaa ili aone kinachotendeka ndani. Lakini inakudai uandike tarakimu 64 kabla ya kupata jibu la kwanza, na ukiteleza kwenye moja tu, majibu yote yanayofuata yanaharibika bila wewe kuona dalili yoyote.

Ipo njia fupi, inayotegemea hesabu moja ya kutoa. Uzuri wake ni kwamba ni ileile kwa swali la kwanza la karatasi na kwa lile refu la mwisho, na kila hatua yake unaweza kuihakiki kabla ya kwenda kwenye inayofuata.

Kwanza tukumbushane anwani yenyewe. Anwani ya IP ya toleo la 4 ni biti 32, zilizokatwa katika makundi manne ya biti nane nane yanayoitwa okteti. Kila okteti huandikwa kama namba kuanzia 0 hadi 255. Namba inayokuja baada ya mkwaju, yaani ile 20 katika /20, inaeleza kwamba biti 20 za mwanzo ni jina la mtandao, na zilizobaki, ambazo ni 12, ni za kutofautisha kifaa kimoja na kingine ndani ya mtandao huo. Wakati mwingine mtungaji hakupi mkwaju, anakupa maski: 255.255.240.0. Ni habari ileile kwa mavazi mengine. Maski ina moja kwenye kila biti ya mtandao, na sifuri kwenye kila biti ya kifaa.

Sasa angalia ile 20 inaangukia wapi. Okteti mbili za kwanza zinakula biti 16. Zinabaki biti nne, nazo zinaingia katika okteti ya tatu na kuishia katikati yake. Hiyo ndiyo okteti ya kazi. Zilizo kushoto kwake hazibadiliki, unazinakili tu. Zilizo kulia kwake zitakuwa 0 kwenye anwani ya mtandao na 255 kwenye anwani ya matangazo. Hesabu yote, kwa hiyo, inafanyika ndani ya okteti moja.

Kabla ya kugusa swali lolote, andika jedwali hili pembeni ya karatasi ya majibu:

```
biti     1    2    3    4    5    6    7    8
maski  128  192  224  240  248  252  254  255
fungu  128   64   32   16    8    4    2    1
```

Mstari wa juu ni idadi ya biti za mtandao zilizoingia katika okteti ya kazi. Wa pili ni thamani ya maski katika okteti hiyo. Wa tatu ndio moyo wa njia yenyewe: ni 256 ukitoa maski. Nauita fungu kwa sababu ndio ukubwa wa kila kipande ambacho okteti hiyo imekatwa. Huhitaji kulikariri jedwali zima. Mstari wa chini unaanzia 128 na kila mara unagawa kwa mbili, na wa katikati unaupata kwa kutoa. Ukitaka kujua kama umeliandika sawasawa, jumlisha maski na fungu katika kila safu. Zote lazima zilete 256.

Turudi kwenye 172.16.77.200/20. Biti nne zimeingia katika okteti ya tatu, kwa hiyo maski ni 240 na fungu ni 16. Maana yake, katika okteti ya tatu mitandao inaanzia 0, 16, 32, 48, 64, 80 na kuendelea. Kompyuta yetu ina 77. Inakaa baina ya 64 na 80, kwa hiyo mtandao wake unaanzia 64: 172.16.64.0. Mtandao unaofuata unaanzia 172.16.80.0, na anwani ya matangazo ni ile iliyo hatua moja nyuma ya huo, 172.16.79.255. Anwani ya kwanza ya kifaa ni 172.16.64.1, ya mwisho ni 172.16.79.254. Idadi ya vifaa ni 2 kwa kipeo cha 12, yaani 4096, ukitoa mbili: ya mtandao na ya matangazo. Jibu ni 4094.

Kama una shaka kwamba huu ni ujanja wa kubahatisha, jaribu okteti ya tatu kwa biti. Namba 77 ni 01001101. Maski 240 ni 11110000. Ukibakiza biti nne za mwanzo na kufuta nne za mwisho unapata 01000000, ambayo ni 64. Kutafuta kigawe cha 16 kilicho karibu chini ya 77 na kufuta biti nne za mwisho ni kitendo kimoja, ila cha kwanza kinafanyika kichwani.

Hapo sasa ndipo wengi huinua kalamu na kwenda swali linalofuata. Usiinuke bado. Uhakiki wake unachukua muda mfupi kuliko kusoma swali upya. La kwanza: je, 64 inagawanyika kwa 16 bila baki? Ndiyo, mara nne. La pili: je, anwani uliyopewa iko kati ya mtandao na matangazo? Namba 77 iko kati ya 64 na 79, ndiyo. La tatu ni la witiri na shufwa: tarakimu ya mwisho ya anwani ya mtandao lazima iwe shufwa, ya matangazo lazima iwe witiri, na anwani za vifaa zinafuata kinyume, ya kwanza witiri na ya mwisho shufwa. Hili halina ubaguzi kuanzia /30 kurudi chini, kwa sababu biti ya mwisho kabisa ni sifuri kwenye mtandao na ni moja kwenye matangazo. Ukiona umeandika anwani ya matangazo inayoishia na 254 au 80, umekosea, wala huhitaji kutafuta kwa nini ndipo ujue kwamba umekosea.

Idadi ya vifaa nayo ina uhakiki wake. Fungu ni 16 katika okteti ya tatu, na kila nafasi moja ya okteti hiyo inabeba anwani 256 za okteti ya nne. Mara 16 kwa 256 ni 4096. Umefika palepale kwa njia nyingine. Namba mbili zikitofautiana, huenda umehesabu vibaya biti za kifaa. Kosa linaloonekana sana katika vitabu vya majibu ni mtu kuandika 14, yaani 16 ukitoa mbili, kwa kusahau kwamba okteti ya nne yote nayo ni ya vifaa.

Aina ya pili ya swali inajificha ndani ya hadithi. Kompyuta ina anwani 192.168.10.62, maski 255.255.255.224, na lango lake kuu limewekwa 192.168.10.65. Inawasiliana na majirani zake lakini haitoki nje. Eleza kwa nini. Mwanafunzi asiyehesabu ataanza kuandika habari za kebo na swichi. Lakini maski 224 inatoa fungu la 32. Mitandao inaanzia 0, 32, 64, 96. Kompyuta iko katika fungu la 32 hadi 63, lango liko katika fungu la 64 hadi 95. Namba 62 na 65 zimekaribiana kwa macho, ila mpaka umepita katikati yake. Kompyuta haiwezi kulifikia lango lililo nje ya mtandao wake, maana lango ndilo lilipaswa kuitoa humo. Ukijaribu kosa hilohilo kwenye Linux ya miaka ya karibuni, mfumo wenyewe unakataa:

```
# ip route add default via 192.168.10.65
Error: Nexthop has invalid gateway.
```

Mtungaji mwenye makali zaidi ataweka lango kuwa 192.168.10.63, ambayo iko ndani ya fungu lakini ni anwani ya matangazo. Hapa ndipo uhakiki wa witiri na shufwa peke yake hautoshi, kwa sababu anwani za kawaida za vifaa nazo ni witiri au shufwa. Andika mwanzo na mwisho wa fungu kwanza, halafu ndipo uangalie kila anwani iliyotajwa kwenye swali imekaa wapi.

Kabla ya swali refu, kuna moja fupi linalopoteza alama kwa sababu ya kuhesabu tu: mtandao 10.20.0.0/22 umegawanywa kuwa subneti za /28. Taja subneti ya 37. Kuziandika zote 37 ni kujitesa. Fungu la /28 ni 16. Subneti ya kwanza inaanza hatua 0 kutoka mwanzo, kwa hiyo ya 37 inaanza hatua 36. Mara 36 kwa 16 ni 576. Hiyo haiwezi kukaa katika okteti moja, basi igawe kwa 256: zinaingia mbili, zinabaki 64. Mbili zinaongezwa kwenye okteti ya tatu, 64 inabaki kwenye ya nne. Jibu ni 10.20.2.64/28, na matangazo yake 10.20.2.79. Hakiki kwa kurudi nyuma: kutoka /22 hadi /28 ni biti sita, zinazotoa subneti 64, kwa hiyo ya 37 ipo kweli, na inapaswa kuwa imevuka nusu kidogo. Nusu ya /22 ni 10.20.2.0. Tumeivuka kidogo. Soma pia kama swali linasema subneti ya 37 au subneti namba 37 kwa kuanzia sifuri. Baadhi ya watungaji huanza na sifuri, na hapo jibu linasogea fungu moja mbele, hadi 10.20.2.80.

Sasa lile swali refu. Chuo kimepewa 192.168.40.0/24. Kinahitaji mtandao wa maabara wenye kompyuta 50, wa ofisi ya uhasibu wenye kompyuta 30, wa maktaba wenye kompyuta 12, na kiungo kati ya ruta mbili. Panga anwani bila kupoteza nafasi. Mambo mawili yanaamua kama utapata alama zote: kuhesabu mahitaji, na mpangilio.

Anza na mahitaji. Wengi huangalia 30, wanakumbuka kwamba /27 inabeba vifaa 30 kamili, na wanafurahi. Lakini kompyuta hizo 30 zinatoka nje kupitia ruta, na mguu wa ruta uliomo ndani ya mtandao huo nao unahitaji anwani. Hiyo ni 31. Ongeza ya mtandao na ya matangazo, inakuwa 33. Fungu la 32 halitoshi, kwa hiyo uhasibu unahitaji fungu la 64, ambalo ni /26. Mtungaji hakuichagua 30 kwa bahati. Namba kama 14, 30, 62 na 126 zikitokea kwenye swali, simama usome tena: kama imeandikwa kompyuta, ongeza ruta, kama imeandikwa anwani zinazohitajika au vifaa vyote pamoja na lango, usiongeze. Na kama swali halisemi lolote, andika dhana yako kwa sentensi moja juu ya jibu. Msahihishaji mwenye busara ataifuata hesabu yako.

Kwa mahesabu hayo maabara ni 50, na ruta 51, na zile mbili 53, fungu la 64. Uhasibu fungu la 64. Maktaba ni 12 na ruta 13, na zile mbili 15, fungu la 16. Kiungo cha ruta mbili kina anwani mbili, na zile mbili nne, fungu la 4. Jumla ya mafungu ni 148, na /24 ina 256, kwa hiyo inawezekana. Fanya jumla hii kabla ya kupanga chochote. Ikizidi 256, ama umesoma vibaya au swali linataka uonyeshe kwamba haiwezekani.

Halafu mpangilio, kubwa kwanza:

```
maabara   192.168.40.0/26      0 - 63
uhasibu   192.168.40.64/26    64 - 127
maktaba   192.168.40.128/28  128 - 143
kiungo    192.168.40.144/30  144 - 147
```

Zinabaki 148 hadi 255 kwa matumizi ya baadaye. Kila mwanzo ni mwisho uliotangulia ukiongeza moja, na kila mwanzo unagawanyika kwa fungu lake: 64 kwa 64, 128 kwa 16, 144 kwa 4.

Kwa nini kubwa kwanza? Walimu wengi husema tu kwamba ndiyo kanuni, na mwanafunzi anaifuata hadi siku anapoisahau. Ni vizuri kuona kinachoharibika. Chukua aliyeanza na kiungo cha ruta kwa kuwa ndicho kidogo na rahisi. Anakipa 0 hadi 3. Kisha anaweka maktaba mara tu baada yake, 192.168.40.4/28, akidhani inakwenda 4 hadi 19. Kwenye karatasi inaonekana safi. Lakini 4 haigawanyiki kwa 16. Ukifuta biti nne za mwisho za 4 unapata 0, kwa hiyo 192.168.40.4/28 si mwanzo wa mtandao wowote. Ni anwani ya kifaa kilichomo ndani ya 192.168.40.0/28, ambao unaanza 0 na kuishia 15. Maktaba imekikalia kiungo cha ruta, na anwani 16 hadi 19 alizodhani ni za maktaba ziko katika mtandao mwingine kabisa. Kwenye ruta halisi, ya Cisco kwa mfano, ungepata ujumbe kwamba anwani za mguu mmoja zinagongana na za mwingine. Kwenye karatasi hakuna wa kukuambia, ila kugawanya.

Ukianza na kubwa, tatizo hili haliji lenyewe, kwa sababu kila fungu kubwa ni kigawe cha fungu dogo. Popote linapoishia fungu la 64, fungu la 16 linaweza kuanza pale bila baki. Kwa hiyo si kwamba kuanza na dogo ni dhambi. Ukiwa makini kuruka hadi kigawe kinachofuata, yaani kuweka maktaba 16 hadi 31, jibu ni halali, ila umeacha pengo la 4 hadi 15, na swali lilikataza kupoteza nafasi.

Kuna jambo ambalo wanaofanya mazoezi kwa pasti pepa hawaambiwi mapema: karatasi zina umri, na umri huo unabadilisha majibu. Ukikuta swali linalosema gawanya anwani ya daraja C 192.168.5.0 kuwa subneti nne, mwongozo wa kusahihishia unaweza kutoa /27 ilhali wewe umepata /26. Si lazima mmoja wenu awe amehesabu vibaya. Kanuni za mwanzo za subneti, zilizoandikwa katika waraka wa RFC 950 wa mwaka 1985, zilitenga subneti yenye biti zote sifuri na ile yenye biti zote moja, zisitumike. Biti mbili zilitoa subneti nne, mbili zikatengwa, zikabaki mbili, kwa hiyo aliyetaka nne alilazimika kuchukua biti tatu. Mwaka 1995 waraka wa RFC 1878 ulieleza kwamba utaratibu huo umepitwa na wakati, na ruta za Cisco tangu toleo la 12.0 la programu yake ya IOS zinaikubali subneti ya sifuri bila kuamriwa. Leo biti mbili ni subneti nne, basi. Ila vitabu vya kufundishia huchakaa polepole kuliko teknolojia, na maswali hunakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu. Ukiona kwenye mwongozo wa zamani wametoa mbili kwenye idadi ya subneti, elewa wanatumia kanuni ya zamani. Kutoa mbili kwenye idadi ya vifaa ni jambo jingine, na hilo bado lipo palepale.

Neno daraja nalo ni alama ya umri. Tangu mwaka 1993, utaratibu wa CIDR uliondoa ulazima wa madaraja, na urefu wa sehemu ya mtandao ukawa unatajwa wazi kwa mkwaju. Lakini swali likikupa 172.16.0.0 bila mkwaju wala maski, mtungaji anakutegemea ujue kwamba okteti ya kwanza kati ya 128 na 191 ni daraja B, yaani /16, na kati ya 192 na 223 ni daraja C, yaani /24. Chini ya 128 ni daraja A, /8. Hapo ndipo pa kuanzia kuhesabu biti za kuazima. Na kwenye viungo vya ruta mbili, tangu RFC 3021 ya mwaka 2000 inaruhusiwa kutumia /31 yenye anwani mbili tu, bila ya mtandao wala ya matangazo. Kazini utaikuta. Kwenye mtihani, isipokuwa swali limeitaja, jibu linalotarajiwa kwa kawaida ni /30.

Kuhusu mazoezi yenyewe, ningemshauri mtu asizimalize pasti pepa kama anayesoma riwaya. Swali moja lililofanywa vizuri linazaa mengine bila kutafuta karatasi mpya. Chukua 172.16.77.200 ileile na ubadilishe mkwaju: ifanye /18, kisha /21, kisha /27. Okteti ya kazi inahama au fungu linabadilika, na unaona kinachosogea na kisichosogea. Kwa /18 fungu ni 64 na mtandao unabaki kuanzia 172.16.64.0, ila matangazo yanaruka hadi 172.16.127.255. Kwa /21 fungu ni 8, mtandao ni 172.16.72.0. Kwa /27 kazi imehamia okteti ya nne, fungu la 32, na 200 inaangukia 192: mtandao ni 172.16.77.192, matangazo ni 172.16.77.223. Mwenye kufanya hivi jioni moja hukutana na mitego mingi zaidi ya aliyekimbia karatasi za miaka kumi.

Kila unapokosa, andika pembeni aina ya kosa, si swali. Utaona yanajirudia katika sura chache tu: okteti ya kazi imechaguliwa vibaya, ruta imesahaulika, mwanzo haugawanyiki kwa fungu, au hesabu imeanza na moja badala ya sifuri. La okteti hutokea zaidi kwenye /16 na /24, mahali ambapo mpaka unaangukia ukingoni na hakuna okteti iliyokatwa katikati. Hapo huhitaji fungu wala jedwali. Zilizo kushoto zinakiliwe, za kulia ziwe 0 au 255.

Kusahihisha, usitegemee majibu yanayozunguka kwenye makundi ya wanafunzi, maana nayo yamejaa makosa yaliyonakiliwa. Kama una kompyuta yenye Python 3, moduli yake ya `ipaddress` inahakiki jibu kwa mistari michache:

```
import ipaddress as ip
n = ip.ip_interface('172.16.77.200/20').network
print(n, n.broadcast_address, n.num_addresses - 2)
```

Itachapisha `172.16.64.0/20 172.16.79.255 4094`. Ina faida nyingine kwa swali la kupanga mitandao mingi. Ukiipa mwanzo usiogawanyika kwa fungu lake, kama ile maktaba ya 4, haikubali:

```
ip.ip_network('192.168.40.4/28')
ValueError: 192.168.40.4/28 has host bits set
```

Ujumbe huo unasema kwamba katika sehemu ya kifaa kuna biti ambazo si sifuri, yaani ulichoandika ni anwani ya kifaa na wala si ya mtandao. Na ukitaka kujua kama mitandao miwili inagongana, `a.overlaps(b)` inajibu `True` au `False`. Itumie baada ya kuandika jibu kwa mkono, si kabla, na ukikuta tofauti usifute jibu lako mara moja. Rudi kwenye fungu, ligawe tena, utafute hatua ambayo baki lilikuponyoka.

Mpaka wa njia hii ni kwamba ni ya IP ya toleo la 4 tu. Kwenye toleo la 6 anwani ni biti 128, huandikwa kwa namba za msingi wa 16, na mtandao wa kawaida wa ofisi au nyumba hupewa /64, kwa hiyo hakuna anayebana vifaa 30 ndani ya fungu la 32. Wazo la mwanzo kugawanyika kwa fungu bado linafanya kazi, lakini mpaka hukatwa kila baada ya biti nne, mahali ambapo tarakimu moja inaishia, na hesabu inakuwa ya kuhesabu tarakimu. Karatasi zinazouliza toleo la 6 zinataka zaidi ufupishe anwani kwa nukta pacha mbili na kutambua aina yake, kwa hiyo zitengee muda wa peke yake.